Kila Siku Ina Mwenyewe

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, sisi kina mama kumi na wawili wa kikundi cha ushoni tuliagiza kontena moja la futi ishirini kutoka Dubai. Ndani yake mlikuwa na vyerehani na majora ya vitambaa vya kanzu na vya magauni ya watoto, jumla vifurushi 84. Tulikuwa tumekwisha kupokea oda za Idi kutoka kwa madrasa mbili na kwa jamaa wengi wa mtaani. Tulipiga hesabu kwamba, baada ya kulipa ushuru na nauli, tungebaki na faida ya shilingi 180,000, yaani shilingi 15,000 kwa kila mmoja wetu. Kwa baadhi yetu hiyo ndiyo iliyokuwa karo ya muhula.

Kontena lilishushwa Kilindini siku ya Jumatatu, tarehe 18 Shaaban. Lilitoka langoni tarehe 10 Ramadhani, siku ya ishirini na mbili. Siku hizo zilitugharimu dola 970. Twaandika habari hii kwa sababu tuliandika barua mbili kulalamikia gharama hizo. Ya kwanza ilikataliwa kwa mstari mmoja, na ya pili ikasikilizwa. Tofauti baina ya barua hizo mbili ndiyo tunayotaka dada zetu waijue, maana familia nyingi za pwani huagiza mizigo, na wengi hulipa kimya kimya wasichostahili kulipa, au hulalamika kwa namna isiyoweza kusikilizwa.

Kwanza yafaa kutenganisha madai mawili ambayo sisi wenyewe tuliyachanganya. Mzigo ukikaa bandarini kupita siku za bure, bandari hutoza ada ya kuuhifadhi katika uwanja wake. Watu wa bandarini huiita storeji. Kando ya hiyo, kampuni ya meli iliyo na kontena lenyewe hutoza ada yake kwa sababu chombo chake kimezuiliwa. Hiyo ndiyo dimareji. Basi siku moja ya kuchelewa hutozwa mara mbili, na watozaji ni wawili, kila mmoja na hesabu yake na mlango wake. Katika mzigo wetu, bandari ilitupa siku nne za bure na kampuni ya meli ikatupa saba. Baada ya hapo storeji ilikuwa dola 30 kwa siku katika siku tano za mwanzo, kisha dola 40. Dimareji ilikuwa dola 20 kwa siku. Ukimwandikia mwenye bandari kuhusu dimareji, atakurudishia barua yako, na wala hatakuwa amekudhulumu.

Sasa tueleze siku zilivyopita. Siku nne za kwanza zilikuwa zetu wenyewe, na hatutaficha. Meli ilipofunga gati hatukuwa tumekamilisha mchango wa ushuru. Tulijiambia kwamba siku za bure zipo, tutachangishana humo. Wakala wetu wa forodha aliwasilisha maombi ya forodha siku ya tatu, na fedha zikalipwa siku ya nne, Alhamisi. Siku za bure zikawa zimekwisha, na mzigo haujasogea hata hatua moja.

Ijumaa wakala alipofungua mfumo wa forodha alikuta maombi yamekwama. Hati ya shehena tuliyokuwa nayo ilisema vifurushi 84, lakini manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo inayopelekwa forodhani na wakala wa kampuni ya meli, ilisema 48. Mtu alikuwa amegeuza tarakimu mbili tu. Lakini forodha haiwezi kuachilia vifurushi 84 ambavyo kwa orodha ya meli ni 48, kwa kuwa hivyo hasa ndivyo wapitishaji magendo hufanya. Ilibidi wakala wa meli aombe marekebisho ya manifesti, na forodha iyakubali. Marekebisho yalikubaliwa Jumanne jioni. Siku tano zikapita.

Jumatano, siku ya kumi, maombi yakapita, na mzigo ukachaguliwa kwa ukaguzi wa macho. Kwa ukaguzi wa namna hiyo kontena halikaguliwi pale lilipopangwa. Ni lazima bandari ilitoe katika safu na kuliweka chini, mahali ambapo milango yake yaweza kufunguliwa. Wakala wetu aliwasilisha ombi la kulihamisha siku ileile, akalipa ada yake. Kwa desturi, alituambia, kazi hiyo huchukua siku moja. Alhamisi halikuhamishwa. Ijumaa halikuhamishwa. Tulikwenda wenyewe hadi langoni, tukiwa na swaumu, tukaambiwa kwa mdomo kwamba kontena letu liko chini ya mengine matatu na mashine ya kuinulia katika safu ile imeharibika. Lilihamishwa Jumanne, siku ya kumi na sita. Jumatano likakaguliwa, Alhamisi likapewa ruhusa ya kutoka, na Ijumaa, tarehe 7 Ramadhani, tukaletewa ankara ya storeji ya siku kumi na tano.

Tuliketi jioni ile baada ya kufuturu tukaandika barua kwa mwenye bandari. Ilikuwa na kurasa mbili. Tulieleza kwamba sisi ni wajane na wake wa wavuvi, kwamba Idi inakaribia, kwamba tumesumbuliwa na kila ofisi, na kwamba twaomba tusamehewe ada yote. Wakala aliipeleka Jumamosi asubuhi. Jumatatu tukapata jibu. Lilisema kwamba ombi letu limepitiwa na halikuonekana kuwa na sababu ya kutosha.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Tulidhani kwamba barua ikishapokelewa, saa husimama. Haikusimama. Wakati tunangoja jibu, siku tatu zaidi ziliingia katika hesabu, kila moja dola 40 za bandari na dola 20 za kampuni ya meli. Kuomba msamaha wa ada hakuzuii ada kuendelea kukua. Kwa hiyo mwenye mzigo hana budi kuchagua mapema. Aweza kuuacha mzigo ndani akingojea jibu, na ikiwa jibu ni la, atalipa zaidi kuliko alichokuwa akikilalamikia. Au aweza kulipa, autoe, kisha adai kurudishiwa. Njia ya pili ina uzito wake, maana fedha iliyokwisha kulipwa ni ngumu kurudi kuliko isiyolipwa. Hata hivyo sisi tulikuwa na Idi mbele yetu. Tulikopa kwa kaka wa mmoja wetu, mkopo usio na riba, tukalipa Jumatatu ileile: storeji dola 670 kwa siku kumi na nane, na dimareji dola 300 kwa siku kumi na tano. Kwa bei ya dola siku ile, ambayo ilikuwa shilingi 129, jumla ilikuwa shilingi 125,130.

Kabla ya kulipa, tulifanya jambo moja kwa ushauri wa wakala, na laiti tusingalilifanya mlango ungalifungwa. Tuliandika barua fupi ya mistari minne kusema kwamba twalipa ili kuokoa mzigo, kwamba malipo haya si kukubali kuwa ada yote ni halali, na kwamba tutadai siku zisizotuhusu. Barua hiyo ilipelekwa kabla ya malipo, na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Anayelipa kimya huhesabiwa kuwa ameridhika.

Vyerehani vikafika. Tulishona usiku na mchana, na oda za madrasa zilitimizwa, ingawa baadhi ya watu wa mtaani walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Baada ya Idi tukarudi kwenye barua yetu.

Baba wa mmoja wetu alikuwa karani wa ghala bandarini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulimpelekea nakala ya barua ya kwanza pamoja na jibu lake. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. “Wanangu,” alisema, “barua hii imejaa machozi lakini haina tarehe. Yule aliyeisoma hana daftari la kuandikia machozi. Ana daftari la siku.”

Akatuambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba tusibishane na jibu, bali tuombe sababu zake. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa halali na kwa usawa, na aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi hiyo apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya matendo ya haki ya kiutawala imefafanua haki hiyo. Tuliandika barua ya heshima, tukataja kifungu, tukaomba sababu. Majibu yalikuja, na yalitusaidia kuliko tulivyotarajia: ofisi ilisema kwamba barua yetu haikuonyesha ni siku zipi zilizocheleweshwa na bandari yenyewe, na kwamba bandari haisamehi ada kwa makosa ya wengine. Hapo tukajua hasa tulichotakiwa kuthibitisha.

La pili alilotuambia mzee ni kwamba kila siku ina mwenyewe. Tuchukue karatasi, tuandike siku zote ishirini na mbili mstari kwa mstari, na mbele ya kila siku tuandike nani alikuwa ameushika mzigo, na karatasi gani yathibitisha. Siku isiyo na karatasi tuiache.

Tulifanya hivyo sakafuni, karatasi zote zikiwa zimetandazwa juu ya mkeka. Siku nne za kwanza zilikuwa zetu. Siku ya tano hadi ya tisa zilikuwa za wakala wa meli, na uthibitisho ulikuwepo: hati yetu ya shehena yenye 84, manifesti yenye 48, na ombi lake mwenyewe la marekebisho likiwa na tarehe. Siku ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa za kazi ya kawaida, na vivyo hivyo siku ya kumi na saba, ya kumi na nane na ya kumi na tisa, yaani ukaguzi, ruhusa na ankara. Hizo hakuna aliyekosea. Siku ya kumi na mbili hadi ya kumi na sita zilikuwa za bandari. Na siku tatu za mwisho zilikuwa za kungoja jibu la barua isiyo na tarehe.

Tulipotazama karatasi ile kimya kilitanda. Kulikuwa na siku tano za meli, siku tano za bandari, siku tano za kazi ya kawaida na siku tatu za kungoja. Zile tano za kawaida ndizo zilizotuuma zaidi. Siku za bure huwekwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Laiti ushuru ungalikuwa tayari kabla meli haijafunga gati, siku nne kati ya tano hizo zingalimezwa na siku za bure. Tulizitumia kuchangishana, na hakuna barua duniani ambayo ingezirudisha.

Kuhusu siku tano za bandari, swali lilikuwa ushahidi. Maneno tuliyoambiwa langoni, kwamba mashine imeharibika, hayakuwa na thamani, maana hayakuandikwa na aliyeyasema hakutupa jina. Kilichotuokoa ni kwamba wakala wetu, kijana mwangalifu, alikuwa ameandika barua fupi Jumamosi ile ya siku ya kumi na tatu kuulizia kwa nini kontena halijahamishwa, na akagongewa muhuri wa kupokelewa. Basi tulikuwa na karatasi tatu: ombi la kuhamisha lenye tarehe ya Jumatano pamoja na risiti ya ada yake, barua ya kuulizia ya Jumamosi, na hati ya kuwekwa mahali pa ukaguzi yenye tarehe ya Jumanne. Karatasi hizo tatu zilisema zenyewe, bila sisi kutaja mashine yoyote.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Iliandikwa kwa jina la mwenye mzigo kama linavyosomeka kwenye hati ya shehena, ikataja namba ya kontena, namba ya ankara na namba ya risiti. Aya yake ya katikati ilisema hivi: “Ombi la kuhamisha kontena liliwasilishwa na kulipiwa siku ya kumi. Tunakubali siku ya kumi na moja kuwa muda wa kawaida wa kazi hiyo. Kontena lilihamishwa siku ya kumi na sita. Katika siku tano za kati hatukuwa na hatua yoyote iliyobaki upande wetu, wala forodha haikuwa imetuzuia. Twaomba siku hizo tano ziondolewe katika hesabu, na dola 200 zirejeshwe.” Tukaambatanisha nakala, kila moja ikiwa na namba inayotajwa ndani ya barua. Hatukuomba siku ya sita. Hatukutaja Idi.

Tuliona pia kwamba kuikubali siku ya kumi na moja, ambayo pengine tungeweza kuigombania, kulifanya zile tano ziaminike. Msomaji wa barua huona upesi ikiwa anayedai ametenga lake na la mwenziwe.

Barua nyingine ilikwenda kwa wakala wa kampuni ya meli kuhusu manifesti. Hapo hesabu ilihitaji uangalifu. Kosa lake lilichukua siku ya tano hadi ya tisa, lakini dimareji ilikuwa haijaanza mpaka siku ya nane. Angeweza kusema kwamba siku mbili tu ndizo zinazomhusu. Tuliandika kwamba kosa lilisogeza mbele kila hatua iliyofuata kwa siku tano. Bila kosa hilo, kontena lingetoka siku tano mapema, na hivyo siku tano za mwisho wa hesabu ndizo zinazopaswa kuondolewa. Tulidai dola 100 za dimareji, na pamoja nazo dola 200 za storeji ambayo bandari ilitutoza kwa sababu ya kosa lilelile.

Majibu yalichukua majuma saba. Bandari ilikubali siku tano zote. Kampuni ya meli ilirejesha dola 100 za dimareji, ikakataa zile 200 za storeji kwa kutaja masharti yaliyochapwa nyuma ya hati ya shehena, maandishi madogo ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasoma. Hatukuendelea nayo. Gharama ya wakili ingekuwa kubwa kuliko dai lenyewe.

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha mwisho. Bandari haikututumia fedha. Iliziingiza katika akaunti ya wakala wa forodha, kwa kuwa risiti ya malipo ilikuwa kwa jina lake. Wakala wetu ni mwaminifu, alitukabidhi. Lakini tumesikia ya wengine waliokubaliwa ombi lao na wasijue, kwa sababu fedha zilirudi kwa mkono uliolipa na jibu likaenda kwa anwani ya ofisi yake. Sasa tunaandikiana na wakala kabla ya mzigo kufika kwamba fedha yoyote ya kurejeshwa ni yetu, na barua zetu huomba jibu liletwe kwa anwani zote mbili.

Lau ombi la pili lingalikataliwa, bado kulikuwa na mlango. Nchini mwetu ipo tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kupokea malalamiko ya wananchi juu ya utendaji wa ofisi za umma, na kulalamika kwake hakulipiwi. Na ikiwa ugomvi ni juu ya ushuru wenyewe, si storeji, njia ni nyingine kabisa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mwenye mzigo siku thelathini tangu uamuzi kuomba upitiwe upya. Anayezichanganya njia hizi hupoteza muda ambao hautarudi.

Tulirudishiwa dola 300 kati ya 970. Kwa kila mmoja wetu zilikuwa shilingi 3,225, nazo zilikwenda moja kwa moja kwa kaka aliyetukopesha. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Mwekahazina wetu alibandika ile karatasi ya siku ishirini na mbili ndani ya mlango wa kabati la vitambaa, na mwaka huu tulipoagiza tena, ushuru ulikuwa umetengwa wakati meli ingali baharini. Daftari jipya lilifunguliwa siku kontena liliposhushwa, na mstari wake wa kwanza una tarehe, saa, na jina la aliyeushika mzigo.